Sikio la Kushoto la Nalangu

Vijinyororo vilisikika kwanza, kabla hata jogoo hajakohoa. Chi, chi, chi, gizani, upande wa pili wa ukuta wa udongo. Yudith alifumbua macho akabaki amelala, mkono juu ya tumbo la mwanawe. Mama mkwe ameinama kutafuta kibuyu. Chi. Ameinuka. Chi, chi, chi. Sasa anatoka kwenda kukamua.

Mwaka wa kwanza wa ndoa sauti ile ilimkera. Yeye alizaliwa Suji, juu milimani, na nyumbani kwao hakukuwa na mwanamke aliyevaa hata hereni ndogo kama punje. Masikio yalikuwa ya kusikilizia mahubiri, basi. Halafu akaja kuolewa na Benedikto, akashuka bondeni huku chini ya Same, akamkuta mama yake Benedikto, Nalangu, ana matundu masikioni ya kupitisha yai la kuku, na humo mmening'inia vijinyororo vya chuma na shaba vinavyogusa mabega. Siku ya kumpokea, Nalangu alimkabidhi kondoo jike mwenye kichwa cheusi. Tangu hapo wawili hao hawakuitana kwa majina. Kwa Wamasai, aliyekupa kondoo na wewe uliyempokea mnaitana Paker, na Yudith alilizoea jina hilo upesi kuliko alivyowazoea nzi.

Sasa vijinyororo vilikuwa saa yake. Vikichelewa, alihangaika.

Jioni ya siku hiyohiyo ndipo vilipokatika.

Wema, bintiye Yudith, alikuwa na miaka mitatu na uzito wa miaka mitano. Alikuwa amesimama juu ya mapaja ya bibi yake, aliyemwita Koko kwa Kimasai, nje ya mlango, anacheka, anarukaruka, na bibi anamshika kiunoni akimwimbia. Mguu ukateleza. Mtoto akashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni vijinyororo vya upande wa kushoto. Akaning'inia navyo na mwili wake wote.

Nalangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Ai," kama mtu aliyekanyaga mwiba, akamdaka mtoto kwa mkono wa pili asianguke. Damu ilikuwa inatiririka shingoni inaingia kwenye shanga. Ndewe yake, ile nyama laini ya chini ya sikio iliyovutwa miaka na miaka mpaka ikawa kitanzi chembamba, ilikuwa imekatika pale chini, na mikia miwili ilikuwa inaning'inia, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Twende Same," Yudith akasema. "Paker, twende hospitali sasa hivi, lipo lori la mkonge."

"Niende kwa ajili ya sikio? Ng'ombe hawajaingia zizini." Nalangu alikuwa amekwisha kaa chini, anambembeleza Wema aliyekuwa analia kwa kwikwi. "Nyamaza, mama yangu. Sikio si kichwa. Paker, niletee samli, na uzi."

Yudith aliosha jeraha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kama walivyofundishwa kwenye darasa la jioni pale kijijini. Halafu mama mkwe akapaka samli mikia yote miwili, ndani na nje, akaikutanisha, akaamuru ifungwe kwa uzi. Kila asubuhi na kila jioni alifungua, akapaka samli nyingine, akafunga tena. Alikuwa hodari wa masikio. Aliyatoboa ya wasichana wa boma zima. Alijua namna ya kuanza na mwiba, kisha kijiti kibichi, kisha vijiti viwili, kisha kipande cha mti kilichochongwa, kikubwa kidogo kila mara, na samli siku zote, ili ngozi ilainike na tundu lisijifunge.

Jeraha lilipona vizuri, halikunuka wala kutunga usaha. Ila uzi ulipoondolewa mwishowe, mikia ilibaki miwili. Kila mmoja ulikuwa umejivika ngozi yake, laini kama ncha ya kidole.

Nalangu aliitazama katika kioo cha Yudith. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha ngozi ya mbuzi, akakifungua mapajani. Ndani mlikuwa na surutia mbili, mapambo ya shaba ya masikioni, kila moja waya mnene uliosokotwa kuwa duara mbili bapa zilizoshikana, nzito kama kufuli.

"Za mama yangu," akasema. "Huvaliwa na mama ambaye mwanawe ametahiriwa. Benedikto mlimtahiria shuleni huko."

"Mimi sikuwepo, Paker."

"Ninyi wenye vitabu. Alirudi likizo amekwisha pona, nikaambiwa hongera. Surutia nimevaa wapi? Sokoni?" Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Nikasema, haya, yupo Saitoti. Mvua zikiisha Saitoti anaingia jandoni. Ni mwana wangu wa mwisho. Sasa nitaitundika wapi, kwenye mkia wa mjusi huu?"

Yudith alimtazama Wema, aliyekuwa amesimama mbali karibu na kinu. Tangu jioni ile mtoto hakuwa amemsogelea bibi yake tena. Hakugombezwa na mtu, hata kidogo. Alikuwa tu amejitenga mwenyewe, na akiitwa alijificha nyuma ya kanga ya mama.

*

Tabibu pale Same aliitwa Bartholomeo, Mpare wa Mamba, mtu mnene mwenye vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake. Alimwamkia Nalangu shikamoo, akamkalisha karibu na dirisha, akaigeuzageuza ile mikia taratibu.

"Kidonda kimetulia, hakina wekundu, hakina ugumu," akasema. "Mama alikuwa anapaka nini?"

"Samli," Nalangu akajibu kwa fahari. "Kila siku. Sikuacha."

"Na nani alimwambia apake samli?"

"Nani aniambie? Masikio yangu nimeyapanua kwa samli tangu msichana."

Tabibu akaangalia chini, akajizuia kutabasamu. "Mama yangu, samli ulipaka ili tundu lisijifunge. Sasa hapa ulitaka lijifunge, ukapaka ileile. Tena uzi ule ulikuwa unaufungua asubuhi na jioni, nyama haikupata kutulia. Kila upande ukaona bora uote ngozi yake."

Nalangu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mpaka vijinyororo vya sikio la kulia vikalia. "Paker, umesikia? Nimelipalilia jeraha kama bustani."

Muuguzi Dorkas, aliyekuwa anapanga vyombo, naye akacheka. "Usijali, bibi. Wengine hutia majivu ya sigara."

"Linaungika?" Yudith akauliza. Ndilo swali alilokuja nalo.

"Linaungika. Ila ngozi nzima haishikani na ngozi nzima, hata ukiifunga mwaka. Lazima nikate hii ngozi iliyoota kwenye ncha, upande huu na huu, mpaka nyama mbichi ionekane. Nyama mbichi ikikutana na nyama mbichi, ikashonwa ikatulia, inakuwa kitu kimoja." Akamgeukia Nalangu. "Na tukiwa tunakata, mama, naweza kukuondolea kitanzi chote hiki, nikakufanyia ndewe fupi ya mviringo. Siku hizi wengi wanataka hivyo. Vijana wanaoingia jeshini, wa maofisini. Hata alama haionekani sana."

Nalangu aliacha kucheka. "Unitoe sikio langu unipe la mtu mwingine?"

"Nimeuliza tu, mama."

"Nirudishie langu."

"Haya. Tutarudisha lako. Lakini nisikilize vizuri." Akakaa kwenye kiti ili macho yao yawe sawa. "Kovu si ngozi. Litashika, lakini halitakuwa na nguvu kama zamani. Kitu kizito usitundike hapo tena. Si mwezi ujao, si mwaka ujao. Kitapasua palepale, na mara ya pili nyama ya kuunga itakuwa imepungua."

Yudith aliona mkono wa mama mkwe ukienda kwenye kifurushi alichokuwa amekificha ndani ya shuka, ukakishika, ukakiacha. Alikuwa amekuja nacho. Alidhani atarudi amevaa surutia.

"Mwanangu atatahiriwa mvua zikiisha," Nalangu akasema polepole.

"Ninajua mila, mama. Nami nimekua jirani yenu. Sikio ndilo lisilojua."

Walishona asubuhi ileile. Yudith aliruhusiwa kukaa upande wa kichwa amshike mkono, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kujua, hakufumba macho. Tabibu alisafisha kwa dawa ya kahawia, akachoma sindano ya ganzi kwenye shina la kila mkia, akangoja. Aligusa kwa ncha ya sindano. "Unasikia?" "Nasikia unaniuliza," Nalangu akajibu. "Sikio lenyewe limelala." Ndipo akakata ncha zote mbili, si wima bali mshazari, kama fundi viatu anayeunga mkanda ili viungo vilaliane. Damu ikatoka kidogo, nyekundu safi. Alianza kushona na ukingo wa chini, pale ambapo jicho la mtu huangukia kwanza, ili pasibaki pengo kama la jino. Kisha akaja juu, uzi wa nailoni mwembamba kama unywele, fundo moja baada ya jingine, mbele, halafu nyuma.

"Pakavu," akasema alipomaliza. "Siku za mwanzo usilowanishe. Juma likipita mje nitoe nyuzi. Na samli..."

"Samli nitakula," Nalangu akasema.

*

Nyuzi zilitolewa, mshono ukashika. Kitanzi kilirudi, kifupi kidogo kuliko cha kulia, na mstari mwekundu uliolala mshazari. Nalangu aliutazama kila siku katika kioo na kila siku alisema neno lilelile: "Kazi nzuri." Kifurushi cha ngozi kilihamia juu ya kiunzi cha kitanda, mahali pa vitu visivyotumika.

Yudith alijua moyo wa mama mkwe ulivyo. Mvua za masika zilikuwa zinakatika, Saitoti alikuwa tayari ananyoa, anazunguka kualika. Kila akikaa darasani jioni, kalamu mkononi, mawazo yalihama ubaoni yakaenda kwenye zile duara za shaba. Kama si mwanangu, alijiambia. Kama ningemwangalia mwanangu vizuri.

Siku moja alimsindikiza mama mkwe kuteka maji kwenye bomba jipya la kijiji cha ujamaa. Walijaza madebe mawili, wakamtwika punda, moja kila ubavu. Nalangu alikaza mkanda wa ngozi uliopita juu ya mgongo, akatia kipande cha gunia chini yake. Punda akatikisa masikio yake marefu, akaondoka.

Yudith alisimama palepale.

"Paker," akasema. "Mzigo wa punda umebebwa na nini?"

"Na punda."

"Na mgongo wake. Madebe yapo ubavuni, mtu akitazama anaona yapo ubavuni. Lakini ubavu haubebi kitu. Mkanda ndio unaopeleka uzito juu."

Nalangu akasimama naye. Alimtazama punda, akamtazama mkwewe, akafika taratibu mahali ambapo Yudith alikuwa anataka kumpeleka. "Unanifananisha na punda?"

"Nakufananisha na mtu mwenye utosi imara."

"Hm," Nalangu akasema, akamfuata punda. Usiku ule, baada ya chakula, alimtupia Yudith kipande cha ngozi ya ndama iliyolainishwa. "Shona tuone. Ukikosea nitakufanya sandali."

Yudith alishona kwa mkono. Mkanda mwembamba wa kupita juu ya utosi, mahali ambapo Nalangu hunyoa na kufunga shanga zake, na kila mwisho kitanzi kidogo cha kushika surutia. Alipima, akafumua, akapima tena. Upande wa kulia surutia ilipita kwenye sikio kama kawaida, mkanda ukiisaidia. Upande wa kushoto ilikaa mbele ya sikio, karibu kabisa, bila kuligusa. Yudith aliingiza kidole kati ya shaba na ndewe. Kilipita bila kukwama.

"Tikisa kichwa."

Nalangu akatikisa. Shaba ikayumba. Kitanzi cha sikio la kushoto kilitulia.

"Linauma?"

"Utosi ndio unashangaa," Nalangu akasema. Lakini alipojitazama kiooni uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kama apokee au akatae. "Wanawake watasema nimezifunga kwa kamba. Surutia hutoka sikioni. Ikiwa haitoki sikioni ni kufuli tu."

"Waseme."

"Wewe hutajali. Wewe ni wa Suji. Mimi nitakuwa katikati yao."

*

Saitoti hakupepesa jicho mbele ya kisu. Habari ilitoka mlangoni mwa zizi asubuhi na mapema, na wanawake wakaipokea kwa wimbo uliopanda hadi kwenye vichaka vya vilimani. Benedikto, aliyekuwa amepewa ruhusa na mwajiri wake wa shamba la mkonge, alifuta macho kwa mkono wa shati akadai ni vumbi.

Nalangu alitoka. Alikuwa amepakwa mafuta na udongo mwekundu, shanga mpya, shuka mpya, na surutia mbili zikiyumba kwenye mashavu, zinawaka kwenye jua la kwanza. Wimbo ulimpokea. Yudith alikuwa amesimama pembeni, Wema nyuma ya kanga yake.

Ndipo Nolari, wifi yake Nalangu, mwanamke mrefu ambaye hakuna kitu kilichompita, alipomkaribia, akaangalia upande wa kushoto, akainua mkanda kwa kidole.

"Ee, mama Saitoti," akasema kwa sauti ya kutosha wote kusikia. "Hii imefungwa kama debe. Umeogopa? Mwanao hakuogopa kisu, na wewe unaogopa shaba?"

Wengine walicheka. Kilikuwa kicheko cha sherehe, si cha ubaya, lakini kilikaa hewani.

"Sikio lilikatika, likashonwa," Nalangu akasema. "Mkanda kaushona mkwe wangu."

"Limepona, naliona. Kitanzi si hicho hapo? Tundika, sisi tuone surutia ya mama mwenye mwana."

Nalangu alikuwa na miaka mingi ya kuingojea asubuhi hii. Benedikto alimnyima bila kujua, halafu mjukuu, halafu tabibu, na sasa wote walikuwa wanamtazama. Nalangu aliinua mikono yote miwili. Vidole vilifika kwenye ile shaba ya kushoto, vikaanza kufungua kifundo kilichoishika mkandani.

"Paker," Yudith akasema. Hakuwa na haki ya kumkataza. Sikio halikuwa lake. Alijua tu jinsi nyama ile ilivyokuwa imelaliana, mshazari, nyuzi nyembamba kama unywele, na alijua uzito wa ile shaba kwa sababu aliupima mkononi mwake mara nyingi akishona. Kifundo kililegea.

Kanga ya Yudith ikalegea pia, maana aliyekuwa ameishika hakuwepo tena. Wema alikuwa anatembea peke yake katikati ya wanawake, miguu ikiburuta vumbi, kidole mdomoni. Walikuwa wameamka gizani na usingizi ulikuwa umemshinda. Alipita kati ya miguu ya Nolari bila kumwangalia. Akafika kwa bibi yake, akashika shuka mpya, akavuta.

Nalangu akatazama chini. Tangu jioni ile mtoto hakuwa amemshika hata mkono.

Vidole vyake vilibaki juu ya kifundo kwa muda mfupi tu. Kisha akakikaza upya, akashusha mikono yote miwili, akainama, shaba ya kushoto ikayumba mbali na sikio lake, akamwinua mtoto, mzito, wa moto, mpaka begani upande wa kushoto. Wema aliitazama ile duara inayong'aa karibu na pua yake. Akaitazama ndewe na ule mstari wake mwekundu. Aliukunja mkono wake mwenyewe, akauficha kifuani asiguse kitu, akalaza kichwa.

"Koko," akasema, na wote wakamsikia, "nina usingizi."